Kufuta posti ya chemsha bongo hakufuti majibu yako

Kura za "dagaa au migebuka?" kwenye makundi ya Facebook ya Kigoma hazina neno. Ukiichoka uliyoianzisha, ifute, basi. Ninazozipinga mimi ni zile chemsha bongo za "tukuambie tabia yako", zinazokutaka uingie kwa akaunti ya Facebook kisha zinakuuliza shule ya msingi uliyosoma, ukoo wa mama yako na mtaa uliokulia. Wengi wakizichoka hufuta posti ya matokeo wakaona yamekwisha. Lakini posti iko Facebook. Majibu yako yapo kwa mwenye programu inayoendesha chemsha bongo hiyo, kwenye mitambo yake mwenyewe.

Ndiyo maana sakata la Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya ushauri wa kisiasa, lilikuwa zito. Programu ya maswali ya mtafiti Aleksandr Kogan, aliyeipa kampuni hiyo taarifa, ilijazwa na watu wapatao 270,000, lakini kwa kuwa wakati huo programu iliweza kuvuta na taarifa za marafiki, Facebook ilikadiria mwaka 2018 kuwa walioguswa walifika milioni 87. Mlango huo wa marafiki umefungwa. Kilichokwisha kuchukuliwa kilikuwa nje ya mikono ya Facebook.

Tuseme mtu wa Ujiji alijiunga na programu ya namna hiyo mwaka 2017. Afungue `Settings & privacy`, kisha `Settings`, kisha `Apps and websites`. Huenda ataikuta imeandikwa kuwa muda wake umekwisha, maana Facebook huikatia programu ruhusa ya kuvuta taarifa mpya usipoitumia kwa siku 90. Hapo ndipo watu hudanganyika: taarifa za zamani bado mwenye programu anazo.

Asiiondoe kwanza. Aifungue, aangalie taarifa alizoipa, anakili namba yake ya `User ID` na kiungo cha sera ya faragha. Namba hiyo ndiyo mwenye programu anayomtambulia. Barua yenye jina tu huenda isimsaidie kumpata kwenye orodha yake. Amwandikie akitaja namba hiyo, aombe jina, tarehe ya kuzaliwa, barua pepe na majibu yote vifutwe, na athibitishiwe kwa maandishi. Baada ya hapo abonyeze `Remove`, na aweke tiki kwenye kisanduku cha kufuta posti ambazo programu ilimwekea ukutani. Akikiruka, posti zinabaki.

Asipojibiwa, na mwenye programu yuko Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamruhusu kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Programu nyingi za zamani wenyewe hawaonekani tena, na barua pepe inarudi haikupokelewa. Hapo ayahesabu majibu hayo kuwa yameshavuja: popote barua pepe au benki inapomtambua kwa shule ya msingi au ukoo wa mama, aweke jibu jipya lisilo la kweli, na aliandike kwenye daftari lake la nyumbani.