Soko la gesi ya kupikia Mombasa: makisio yanayoweza kukaguliwa

Tuseme kampuni changa inataka kuwapelekea watu gesi ya kupikia majumbani katika Kaunti ya Mombasa, na benki inauliza soko lenyewe lina ukubwa gani. Kampuni inaweza kujibu kwa namba moja: "Shilingi bilioni 5.9 kwa mwaka." Inaweza pia kuonyesha hesabu hatua kwa hatua, kila namba na chanzo chake.

Wanaopendelea namba moja wana hoja ya kusikilizwa. Ukionyesha hatua zote, kikao kizima huishia kubishania namba moja dhaifu, na mpango wa biashara husahaulika. Tena, hatua nyingi huongeza makosa badala ya kuyapunguza. Dhana tano, kila moja ikizidi ukweli kwa asilimia 20 tu, zikizidishwa pamoja hutoa jibu kubwa karibu mara mbili na nusu kuliko linavyopaswa kuwa. Mtu anayesoma mstari mmoja mmoja huona kila kitu kiko sawa, kwa sababu asilimia 20 haishtui.

Hoja hiyo ya pili ni ya kweli kabisa. Lakini hatuwezi kuipima mpaka tuzione hatua zenyewe, kwa hiyo tuzitandaze.

Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu kaya 378,422 Mombasa. Hii ni namba iliyopimwa, ina mwaka, na yeyote anaweza kuithibitisha. Hatua ya pili ni sehemu ya kaya zinazotumia gesi. Sensa hiyo hiyo inasema asilimia 23.9 ya kaya za nchi nzima zilitumia gesi kama nishati kuu ya kupikia, lakini kuichukua namba hiyo kwa Mombasa ni kosa: imechanganya vijiji ambako kuni ndizo zinazotawala, na Mombasa ni mji. Hapa tunadhani nusu ya kaya, kati ya asilimia 40 na 60, na tunaandika wazi kwamba ni dhana. Juzuu ya 4 ya ripoti ya sensa ina jedwali la nishati ya kupikia kwa kila kaunti, kwa hiyo mkaguzi anajua mahali pa kwenda kuibadilisha.

Hatua ya tatu ni kilo kwa mwezi, na hapa ndipo bilioni 5.9 ilipozaliwa. Aliyeiandika namba hiyo aliwaza hivi: familia ina mtungi wa kilo 13, huujaza mara moja kwa mwezi, basi ni kilo 13. Zidisha kaya 189,211 kwa kilo 13, kwa miezi 12, kwa bei ya kudhaniwa ya shilingi 200 kwa kilo, unaifikia. Kila hatua inasikika vizuri.

Sasa tuijie hesabu kutoka upande mwingine. Mwaka 2019 Kenya nzima ilitumia takriban tani 312,000 za gesi hiyo. Asilimia 23.9 ya kaya zaidi kidogo ya milioni 12 ni kaya kama milioni 2.9. Tukizigawia gesi yote ya nchi, bila kuacha hata kilo moja kwa hoteli, mikahawa au shule, kila kaya inapata kilo 108 hivi kwa mwaka, yaani kilo 9 kwa mwezi. Hicho ni kiwango cha juu kabisa cha wastani. Kilo 13 hazipiti. Mombasa ingeweza kuuzidi wastani wa taifa kama kaya zake zingekuwa kubwa zaidi, lakini ni ndogo: watu 3.1 kwa kaya, dhidi ya 3.9 kitaifa.

Tukishusha dhana hadi kilo 6, tukiruhusu kati ya 5 na 8, jibu linakuwa takriban tani 13,600 kwa mwaka, sawa na shilingi bilioni 2.7. Limeshuka chini ya nusu kwa sababu ya mstari mmoja. Kama kampuni ingeleta namba moja tu, kosa hilo lisingekuwa na mahali pa kuonekana.

Hata hivyo, kuonyesha hatua kwenye karatasi hakutoshi kama jedwali lenyewe halikaguliki. Tatizo la kila siku kwenye Eksel ni namba kufukiwa ndani ya fomula, hivi:

```
=378422*0.5*6*12
```

Anayetaka kujaribu kilo 5 lazima aivunje fomula, na hana njia ya kujua 0.5 ilitoka wapi. Weka kila namba kwenye seli yake, kaya kwenye B2, sehemu inayotumia gesi kwenye B3 na kilo kwa mwezi kwenye B4, na pembeni yake andika kipimo, mwaka, chanzo, na kama imepimwa au imedhaniwa. Fomula ibaki hivi:

```
=B2*B3*B4*12/1000
```

Kugawa kwa 1000 kunageuza kilo kuwa tani. Ukikusahau, jibu linakua mara elfu moja. Na jibu la mwisho lizungushwe. Seli itaonyesha 13,623.192, lakini hesabu iliyosimama juu ya "nusu ya kaya" haina haki ya kutaja hata tani 23, achilia mbali desimali.

Jedwali likiwa hivyo, badilisha dhana moja moja huku nyingine zikitulia. Sehemu ya kaya ikienda kutoka asilimia 40 hadi 60, jibu linatembea kati ya tani 10,900 na 16,300. Kilo zikienda kutoka 5 hadi 8, linatembea kati ya 11,400 na 18,200. Kilo ndizo zinazolisukuma jibu zaidi, basi fedha za utafiti zianzie hapo. Ukienda nyumbani kwa watu usiwaulize wanatumia kilo ngapi kwa mwezi, maana watakisia. Waulize mtungi ni wa ukubwa gani, na ulijazwa lini mara mbili za mwisho.

Bei nayo inahitaji tarehe, si chanzo pekee. Kodi ya VAT kwenye gesi ilirudishwa kwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi 8 mwaka 2022, kisha ikaondolewa 2023. Bei ya 2021 ikizidishwa na kilo za 2019 inatoa thamani ya soko ambalo halikuwepo mwaka wowote.

Kuna pia jambo ambalo njia hii haiwezi kulitatua yenyewe. Sensa iliuliza nishati kuu, kwa hiyo nyumba inayopikia mkaa lakini ina mtungi wa kuchemshia chai haimo katika kaya zetu. Wakati huo huo gesi yake imo ndani ya tani 312,000. Ndiyo maana kilo 9 zinafaa kama dari, na hazifai kabisa kama makisio ya matumizi.

Kwa wale wanaohofia mjadala usioisha, dawa ni kuupunguza mlolongo: hatua nne, masafa ya kila dhana, na ukaguzi mmoja kutoka upande wa pili. Kisha geuza jibu liwe kazi. Asilimia moja ya soko husikika ndogo, lakini hapa ni karibu mitungi 1,900 ya kilo 6 kila mwezi. Kwa siku 26 za kazi ni mitungi 73 kwa siku, na kama bodaboda mmoja anafikisha 20, wanahitajika wanne. Hilo benki inaweza kulipima dhidi ya mkopo ulioombwa.