Makadirio matatu, au moja lililovutwa huku na huku?

"Mhasibu, mbona unatuletea makadirio matatu? Unajua mwaka utakwendaje au hujui?" Mjumbe mmoja wa bodi aliuliza hivyo, kurasa zikiwa mezani: hali nzuri, hali inayotarajiwa, hali mbaya.

Hajui, na hakuna anayejua. Hilo peke yake halihalalishi kurasa tatu. Nyingi ninazoletewa ni ukurasa mmoja tu ulionakiliwa mara mbili: mtu ameandika anachotarajia, akaongeza asilimia 10 akaita hali nzuri, akapunguza asilimia 10 akaita hali mbaya. Ukimuuliza kwa nini 10 na si 7 au 25, jibu huwa ni kicheko. Hapo mjumbe yuko sahihi kulalamika, maana ameongezewa karatasi bila kuongezewa habari.

Tuchukue kampuni ya kubuni inayohudumia kampuni nyingine kwa mkopo. Kila mwezi inauza huduma za milioni 100 na kutumia milioni 88: kati ya hizo, 48 ni gharama zisizobadilika, na 40 hupanda na kushuka pamoja na mauzo. Wateja hulipa siku 45 baada ya ankara. Benki kuna milioni 60. Mambo yakibaki hivyo, baada ya miezi sita benki kutakuwa na 132. Hiyo ndiyo hali inayotarajiwa.

Sasa tengeneza hali mbaya kwa njia ya mkato, mauzo yashuke asilimia 10. Gharama nazo zinashuka hadi 84, ziada ya mwezi inakuwa 6 badala ya 12. Kwa kuwa unauza kidogo, deni lililo mikononi mwa wateja linapungua pia, kutoka milioni 150 hadi 135, na ile 15 inakuja benki. Mwisho wa miezi sita una 111. Bodi inasoma, inapumua, inasonga kwenye ajenda inayofuata. Hali mbaya yenyewe ni nzuri!

Jaribu kugusa dhana nyingine kabisa. Mauzo yabaki 100, gharama 88, lakini kuanzia mwezi wa tatu wateja waanze kulipa baada ya siku 75. Kwenye jedwali la faida na hasara hakuna kinachotikisika: faida ni 72 kwa miezi sita, sawasawa na hali inayotarajiwa. Benki ni hadithi nyingine. Mwisho wa mwezi wa pili kuna 84. Wateja wote wakichelewa kwa mkupuo, mwezi wa tatu haiingii hata shilingi, mishahara na wauzaji wanadai 88, na akaunti inasoma hasi 4. Kampuni yenye faida imeishiwa pesa. Wakichelewa taratibu, nusu ya makusanyo ikikosekana mwezi wa tatu na nusu nyingine wa nne, akaunti haigusi hasi. Inashuka hadi 8 mwezi wa nne kisha inapanda. Njia zote mbili zinafika mwezi wa sita zikiwa na 32. Kwa hiyo hata anayeonyesha salio la mwisho tu ameficha jambo, kwa sababu shimo liko katikati.

Hapa ndipo ninapowaunga mkono wanaotetea makadirio matatu. Kazi yake ni kuonyesha ni dhana ipi ikiyumba inaiyumbisha kampuni, na katika mfano huu ni siku za kulipwa kuliko mauzo. Asilimia 10 juu na chini isingeliona hilo kamwe, kwa kuwa ilivuta matokeo bila kugusa sababu. Hata hali nzuri ina la kusema ikijengwa kwa dhana. Mauzo yakiruka hadi 130 kuanzia mwezi wa kwanza, gharama zinafika 100 papo hapo, huku makusanyo ya mwezi huo yakiwa bado ni yale ya zamani, 100. Kitabu kinasema umepata faida ya 30, benki bado kuna 60 zile zile. Aliyeahidi bonasi mwezi huo ajipange.

Lakini wapinzani nao wana hoja nzito, na ile ya kwanza siwezi kuipinga. Ukimpa mtu namba tatu, anachukua ya kati. Hasomi kingo, anaona ya kati ndiyo jibu na nyingine mbili ni pambo la uhasibu. Mbaya zaidi, jina "inayotarajiwa" linampa uhakika usiokuwepo. Ndiyo maana wapo wanaoacha kuziita nzuri na mbaya na kuzipa majina ya sababu: "wateja wachelewe kulipa", "mteja mkubwa aongeze oda". Ukiita hivyo, msomaji hana ya kati ya kukimbilia. Katika kampuni ndogo ningefanya hivyo bila kusita.

Hoja ya pili ni kwamba hali mbaya hujengwa kwa kurundika mikosi. Mauzo yashuke, wateja wachelewe, bei za wauzaji zipande, vyote mwezi mmoja. Kama kila kimoja kina nafasi moja kati ya tano na havihusiani, vyote vitatu kwa pamoja ni nafasi moja kati ya 125, na bodi ina haki ya kusema unawatisha. Tatizo ni hilo neno "havihusiani". Wateja wakibanwa, hupunguza oda na kuchelewesha malipo kwa wakati mmoja, kwani mfuko ni ule ule. Bei za wauzaji, kwa upande wake, zinaweza kuwa na sababu zake. Kwa hiyo chagua chanzo kimoja, kisha jiulize kinaburuta dhana zipi. Wateja wakibanwa kwenye mfano wetu, mauzo 90 na siku 75 vinakwenda pamoja: baada ya miezi sita benki kuna 21. Gharama za wauzaji ziache zilipo, ukizihitaji ziwe hadithi nyingine.

Kuna pia wanaosema namba moja inatosha, mradi chini yake uandike: kila siku 10 wateja wakichelewa, tunapoteza takriban milioni 33 za benki. Mimi naona hilo ni aminifu kuliko kurasa tatu za asilimia 10. Linapungukiwa na muda tu, maana halikwambii shimo linakuja mwezi gani wala lina kina gani, na ombi la ovadrafti huandikwa kwa mwezi na kwa kiasi.

Rudi kwenye ukurasa wenyewe. Ningeweka dhana juu na matokeo chini, tena zile tu zinazotofautiana baina ya hali tatu. Zinazofanana, kama kodi ya pango, hazina kazi pale. Kando ya kila dhana ningeandika inapimwa wapi na lini. Siku za kulipwa zinasomwa kwenye orodha ya madeni kwa umri wake kila mwisho wa mwezi, na zikivuka 55 mwisho wa mwezi wa pili, ukurasa wa katikati umeshakufa hata kama mauzo yanapendeza.

Mjumbe yule alipoonyeshwa mstari huo aliacha kuuliza habari za kurasa tatu. Aliuliza, "Zikifika hizo 55, nani ananipigia simu?" Mhasibu akaandika jina lake pembeni.