Bosi Ndiye Atangulie Kusema

Nilikuwa afisa rasilimali watu wa shirika moja lenye kituo kidogo Kasulu, na siku moja nikaletewa faili la malalamiko. Ndani yake mlikuwa na fomu tisa za masurufu. Zote za safari ya Kasulu kwenda Kigoma mjini, zote za dada mmoja wa ghalani, na zote zimesainiwa pale penye "Ameidhinisha" na mtu yuleyule, msimamizi wa kituo. Aliyelalamika alikuwa mwenzake wa ghalani. Mradi ulipopunguza watu mkataba wake haukuhuishwa, wa yule dada ukahuishwa, na kituo kizima kilikuwa kinajua kwamba dada na msimamizi ni wapenzi. Makao makuu tu ndiyo yaliyokuwa hayajui.

Nilizipitia safari zile moja baada ya nyingine. Nauli zina risiti, hati za kupokelea mizigo zina mihuri, tarehe zinalingana. Nikaomba tathmini yake ya mwaka irudiwe na mtu wa ofisi ya Kigoma asiyemfahamu. Msimamizi alikuwa amempa nne kati ya tano, na yule mgeni naye akampa nne. Dada alistahili kubaki. Lakini nani alitaka kusikia? Watu walikuwa wameshaanza kumwita "mke wa bosi", na miezi mitatu baadaye akaandika barua ya kuacha kazi. Msimamizi alipewa onyo la mwisho la maandishi, akabaki kwenye kiti chake.

Bado linaniuma, kwa sababu mwongozo wetu wa wafanyakazi ulichangia. Ulisema wafanyakazi wote walio kwenye uhusiano watoe taarifa. Neno "wote" linaonekana la haki, ila ndilo lililotuponza. Msimamizi alinyamaza akijua kwamba kosa likibainika watakuwa wawili. Dada alinyamaza kwa sababu kusema kungekuwa ni kumshtaki mtu anayemsainia mkataba. Mimi naona wajibu wa kutoa taarifa uwe wa mwenye cheo peke yake, na taarifa yenyewe ihusu saini zake, siyo mapenzi yake.

Sheria haitufanyii kazi hii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi na inauhesabu unyanyasaji kuwa sehemu ya ubaguzi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamkamata mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki yoyote. Hayo ni makosa mengine kabisa. Watu wazima wawili waliopendana kwa hiari katika shirika binafsi hawaingii humo, na wajibu wa kutoa taarifa hutoka kwenye kanuni za mwajiri mwenyewe. Ndiyo maana kanuni hiyo lazima iwe imeandikwa na watu wawe wanaijua. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinamtaka anayeamua shauri la utovu wa nidhamu aangalie kama kanuni iliyovunjwa ilikuwa ya busara, ilieleweka, mfanyakazi aliifahamu, na ilitumika kwa wote bila upendeleo. Bosi anayefukuza mtu kwa "tabia mbaya" ambayo haijaandikwa popote, au bila kumpa angalau saa 48 za kujiandaa kwa kikao cha nidhamu, atakuwa na wakati mgumu sana akifikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyefukuzwa naye ajue kwamba ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake huko.

Baada ya kesi ile tuliandika fomu mpya, ukurasa mmoja. Haiulizi walianza lini, nani alimtongoza nani, wala kama wanaishi pamoja. Inamwuliza msimamizi vitu viwili: jina la mfanyakazi, na kila jambo la mfanyakazi huyo linalopita mkononi mwake. Hapo anaorodhesha likizo, masurufu, zamu, saa za ziada, tathmini, mapendekezo ya mkataba, hatua za nidhamu. Anaileta kwa afisa rasilimali watu kabla ya kusaini kitu kingine chochote kinachomhusu mtu huyo. Kuanzia siku hiyo saini hizo zinahamia kwa mtu mwingine, na nakala inakaa kwenye faili la siri ambalo mtu wa masijala haligusi. Akichelewa, kosa ni lake. Mwenzake haandikiwi hata barua ya kujieleza.

Halafu namwita mfanyakazi, peke yake, siku nyingine na chumba kingine. Hii ndiyo hatua ninayoiona ngumu kuliko zote. Simwulizi kama anampenda. Namwuliza: "Ukiamua kesho kuachana naye, kazini kwako kitabadilika nini?" Anayejibu haraka kwamba hakuna kitakachobadilika huwa namwacha aende. Anayetazama mlango kwanza, au anayesema "sijui atachukuliaje", nafunga fomu ya mahusiano na kuanza kushughulikia unyanyasaji, kwa utaratibu wake. Kwa mtu anayekupangia zamu, "ndiyo" yako inaweza kuwa "ndiyo" ya mtu asiyeona pa kutokea.

Wenzangu kadhaa wanapendelea katazo la jumla: mapenzi kazini marufuku, basi. Nawaelewa, hasa kwenye mashirika ya huku kwetu yanayofanya kazi kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, ambako mapenzi ya mfanyakazi na mkimbizi ni suala la ukali wa aina nyingine na sitaki lichanganywe na hili. Lakini watu wanaishi nyumba za kupanga mtaa mmoja, wanapanda gari moja alfajiri na kurudi nalo jioni, mbali na kwao. Watapendana tu. Katazo linawafundisha kuficha, na kufichwa ndiko kulikomponza yule dada. Hata Ulaya ni hivyo. Bernard Looney, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya mafuta ya BP, aliulizwa mwaka 2022 kuhusu mahusiano yake na wafanyakazi, akaihakikishia bodi kwamba ameshaeleza yote. Septemba 2023 alijiuzulu baada ya kukiri kwamba hakuwa muwazi kabisa, na Desemba bodi ikamnyima malipo yanayofikia pauni milioni 32.4 kwa kuwa alikuwa ameipotosha.

Shida yetu halisi ni udogo wa vituo. Kituo chenye watu kumi na mmoja hakina msimamizi wa pili wa kupokea saini, na hapo mameneja hukimbilia kumhamisha mdogo. "Apelekwe Kibondo," wanasema, kama vile kazi yake haina thamani. Sikubali. Kama lazima mmoja ahame, ahame mwenye cheo, maana cheo chake ndicho kilicholeta mgongano wa maslahi. Na kama hakuna wa kuhama, fomu zisafiri. Mwaka jana msimamizi mwingine alileta taarifa mwenyewe, Jumatatu asubuhi, mkono unamtetemeka. Tangu hapo likizo na masurufu ya mwenzake vinaidhinishwa Kigoma mjini. Mara moja masurufu yalichelewa siku nne kwa sababu mwidhinishaji alikuwa safarini, na binti akajilipia nauli kwanza. Alinipigia simu kulalamika, kwa sauti ya juu, na alikuwa na haki. Tukateua mwidhinishaji wa akiba wiki hiyohiyo.