Kinga ya bei "haikula hasara", ninyi ndio mmesoma nusu ya hesabu

Kila bei ya mafuta ikishuka ghafla, vichwa vya habari ni vilevile: shirika fulani la ndege limepoteza mamilioni kwenye mikataba ya kufunga bei ya mafuta mapema, yaani kinga ya bei. Kisha wanakuja wachambuzi wa baada ya mechi kuuliza kwa nini menejimenti "ilicheza kamari". Mwaka mmoja kabla, bei ilipokuwa inapanda, menejimenti hiyohiyo iliitwa yenye akili nyingi. Wote wanasoma safu moja ya daftari na kuiacha ya pili.

Tuchukue mahindi ya Chicago, soko ambako watu hufunga leo bei ya mahindi ya miezi ijayo, maana hesabu yake inaonekana kwa macho. Mkataba mmoja ni busheli 5,000, karibu tani 127. Bei ikisogea senti moja, mkataba unasogea dola 50. Mkulima anatarajia kuvuna busheli 30,000 na gharama yake ya uzalishaji ni dola 4.00 kwa busheli. Mwezi Mei, mkataba wa Desemba unauzwa dola 4.60. Anajua pia kwamba mnunuzi wa jirani, mwenye maghala, wakati wa mavuno hulipa kwa kawaida senti 30 chini ya bei ya Chicago. Kwa hiyo bei anayoiona mbele yake ni 4.30. Anauza mikataba minne ya Desemba, yaani busheli 20,000. Zilizobaki haziuzi, na sababu yake tutaifikia.

Mavuno yanafika na Desemba imeanguka hadi 3.80. Anayapeleka mahindi kwa mnunuzi wa jirani kwa 3.50 na siku hiyohiyo ananunua tena mikataba yake minne kwa 3.80. Kwenye mikataba, aliyoiuza 4.60 na kuifunga kwa kuinunua 3.80, amepata senti 80, ukiziongeza kwenye 3.50 unapata 4.30. Hakuna gunia lililosafiri kwenda Chicago.

Sasa geuza. Ukame umepiga, Desemba iko 5.60, mnunuzi analipa 5.30. Mikataba imempotezea dola 1.00 kwa busheli, jumla dola 20,000. Hapo ndipo mwandishi wa habari anapofungia daftari. Lakini mahindi yale yale yameuzwa kwa 5.30, toa 1.00, inabaki 4.30. Alitaka 4.30 mwezi Mei, amepata 4.30. Na zile busheli 10,000 alizoziacha wazi zimeuzwa kwa 5.30 kamili, kwa hiyo wastani wa shamba zima ni takriban 4.63. Hasara iko wapi? Kama mnasema angepata zaidi asingejikinga, ni kweli, na mwezi Mei hakuna aliyelijua hilo, hata ninyi.

Lililo hatari kweli halizungumzwi kabisa, nalo ni muda wa pesa. Faida na hasara ya mikataba hii inahesabiwa kila siku soko linapofungwa. Bei ikipanda senti 25 leo, mwenye mikataba minne aliyouza anadaiwa dola 5,000, na wakala wake wa soko anazitaka kesho, taslimu. Mahindi yanayomfidia bado yako shambani, mabichi, na hakuna mnunuzi anayeyalipia mwezi Julai. Faida yake iko kwenye bua na hasara yake iko benki. Mwaka 2012 Marekani ilipopigwa na ukame, mkataba wa Desemba ulikuwa karibu dola 5 katikati ya Juni, na Agosti ukapita dola 8. Hebu jiwekee mikataba minne hapo: dola 3 mara busheli 20,000 ni dola 60,000 za kuongeza dhamana, yaani pesa anazoshika wakala kufidia hasara, ndani ya takriban miezi miwili.

Asiye na pesa hizo wakala anamfungia mikataba, tena mara nyingi karibu na kilele, kwa sababu kilele ndiko dhamana inakouma zaidi. Rudi kwa mkulima wetu. Tuseme Julai Desemba inafika 6.00, pesa zinamwishia, anafungiwa akiwa amepoteza 1.40. Mvua inarudi, na wakati wa mavuno Desemba ni 4.40, mnunuzi analipa 4.10. Toa ile 1.40: anapata 2.70, na gharama yake ilikuwa 4.00. Angevumilia, mikataba ingemletea senti 20 na angefika palepale 4.30. Wazo lilikuwa sahihi, bei aliyochagua ilikuwa sahihi, kilichomwangusha ni akaunti tupu. Kwa hiyo mkopo wa dhamana unakubaliwa na benki kabla ya kuuza mkataba wa kwanza, na ofisa wa mikopo anaonyeshwa hesabu ya safu zote mbili. Ukimpelekea ombi Julai, wakala akiwa anakupigia simu, atakuona mcheza kamari, na hutakuwa na muda wa kumfundisha.

Pengo la senti 30 nalo si ahadi. Oktoba 2022 maji ya mto Mississippi yalishuka, majahazi ya nafaka yakakwama, na wanunuzi wa kando ya mto wakapunguza bei bila Chicago kushuka kwa kiasi hichohicho. Pengo likiwa senti 50 mkulima wetu anapata 4.10. Kinga hii inafunga bei ya Chicago, haifungi bei ya ghala la jirani.

Sasa zile busheli 10,000. Angeuza mikataba sita, na ukame ukamwachia busheli 14,000 tu, angekuwa ameuza busheli 16,000 ambazo hana. Bei ikiwa imepanda dola moja, hizo peke yake zinamgharimu dola 16,000 na hakuna punje ya kuzifidia. Kwa mikataba minne, upungufu ni busheli 6,000. Bado inauma, lakini shamba linapona.

Mashirika kadhaa ya ndege yaliliona hili mwaka 2020. Yalikuwa yamefunga bei ya sehemu kubwa ya mafuta ya mwaka ule, kisha ndege zikalala chini. Mikataba ikabaki, mafuta hayakuchomwa. Hapo, sawa, nakubali: ile ilikuwa hasara halisi, maana safu ya pili ya daftari ilifutika. Lakini msiichanganye na robo ya tatu ya 2008, shirika la ndege la Marekani la Southwest lilipotangaza hasara yake ya kwanza ya robo mwaka baada ya miaka 17, bei ya mafuta ikiwa imeanza kuporomoka kutoka kilele cha Julai cha karibu dola 147 kwa pipa. Thamani ya mikataba ilipungua, ndiyo, lakini ndege zake zilikuwa zinaruka na mafuta ya kesho yalikuwa yanazidi kuwa rahisi.

Mtaniambia mkulima anunue haki ya kuuza kwa bei fulani, bila kulazimika kuuza, badala ya kuuza mkataba wenyewe, hapo hakuna wito wa dhamana. Ni kweli, na kwa mwenye akaunti nyembamba huenda ndiyo njia pekee. Ila malipo yake yanatolewa mwanzoni na hayarudi. Tuseme haki ya kuuza kwa 4.40 inagharimu senti 25. Toa hizo, toa pengo la senti 30, sakafu yake, yaani bei ya chini kabisa, ni 3.85. Gharama ya shamba ilikuwa 4.00, kwa hiyo amelipia bima ya kupoteza senti 15 kwa kila busheli, na akitaka sakafu ya juu zaidi atalipia zaidi.