Lenzi ya makro iliyowekwa kwa ajili ya boksi

Mama mdogo hushona kofia hapa Langoni, Lamu, zile za mkono, na mimi ndiye ninayezipiga picha za kuwatumia wateja kwa WhatsApp. Mnunuzi wa kofia haangalii maua peke yake. Anataka kuona vile vitundu, uzi ulivyozungushwa ukingoni mwa kila kimoja, maana hapo ndipo kazi ya mkono inapoachana na ya cherehani. Ndiyo sababu niliponunua simu ya chini ya shilingi elfu 20, kilichonivuta ni maandishi ya boksi: kamera nne, moja wapo ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu.

Picha ya kwanza ya makro niliyoituma Mombasa ilijibiwa kwa swali: "Ndugu yangu, hii si ya mashine?" Niliifungua tena, nikaona mteja ana haki. Vitundu vimekuwa madoa ya kijivu na uzi hauonekani kabisa.

Nikaweka rula juu ya kofia, barazani, asubuhi kukiwa na mwanga mzuri. Lenzi ya makro ya simu yangu ni ya megapikseli 2, na picha yake ina pikseli 1600 kwa 1200. Haifokasi, imefungwa ione vizuri kwenye umbali wa sentimita 4 hivi, ukisogea mbele au nyuma kidogo tu picha inafifia. Hapo ilichukua upana wa kama milimita 54 za rula. Gawanya 1600 kwa 54, unapata pikseli 30 hivi kwa kila milimita.

Kisha nikapiga kwa kamera kuu, ile ya megapikseli 50. Hiyo haikubali kukaribia chini ya sentimita 10, nayo ilichukua milimita 135. Kwa kawaida huunganisha pikseli nne kuwa moja, ikatoa picha yenye upana wa pikseli 4080. Gawanya kwa 135: ni 30 zile zile! Ukikata kipande cha katikati unabaki na kitundu chenye pikseli zile zile, ila sasa kamera inafokasi yenyewe na kihisi chake, kile kinachopokea mwanga, ni kikubwa zaidi. Tena kwenye sentimita 10 mwanga unapata njia ya kuingia. Kwenye sentimita 4 simu yenyewe inaitilia kofia kivuli, na kihisi kidogo kikikosa mwanga, picha hujaa chenga. Programu ya simu huzifuta chenga hizo, na nyuzi zinafutika pamoja nazo.

Basi kwa nini kuiweka? Kwa sababu kamera ya megapikseli 2 isiyofokasi ni rahisi mno kuitengeneza, na inaongeza duara moja mgongoni na neno moja kwenye boksi. Dukani watu wanahesabu maduara. Hili linaniudhi, kwa kuwa anayedanganyika ni yule aliyejikusanyia pesa kidogo kidogo na hana simu ya pili ya kulinganisha.

Lenzi pana siitii kapu moja na hiyo, hasa kwa mtu wa Lamu. Simama mbele ya mlango wa nakshi kwenye kichochoro cha mita moja na nusu, mgongo umegusa ukuta wa jirani. Simu ikiwa wima, kamera kuu itachukua kama mita 2 za urefu, na kizingiti cha juu kinakatika. Lenzi pana ya nyuzi 120 inachukua karibu mita 4, mlango wote unaingia. Pembeni picha inavutika na nakshi zinalegea, na magharibi ikishaingia sioni haja ya kuitumia, lakini mchana inafanya kazi ambayo kamera kuu haiwezi.

Na lenzi pana ikipewa uwezo wa kufokasi, inakuwa makro ya kweli. Huawei Mate 20 Pro ya 2018 ilifokasi hadi sentimita 2.5 kwa lenzi yake pana, na iPhone 13 Pro ya 2021 hadi sentimita 2. Hizo ni simu za bei kubwa. Kwenye za kwetu, lenzi pana kwa kawaida haifokasi, ndipo makro ya megapikseli 2 ikapata nafasi.

Ukienda dukani, mwombe muuzaji akuachie simu dakika mbili. Piga noti kwa makro, kisha kwa kamera kuu ukiwa sentimita 10 au 12, halafu zikuze zote mbili usome herufi ndogo. Fungua na maelezo ya picha: ukikuta 1600 x 1200, umeshaijua.

Mteja wa Mombasa nilimtumia kipande kilichokatwa kwenye picha ya kamera kuu. Akaniuliza bei.