Dagaa ndio wanaoita kuni

"Mwalimu, swali la pasti pepa lilitoa mizigo ya kuni (x) na ndoo za dagaa waliochemshwa (y). Nimepata y = 4 + 3.6x, nikaandika 'kuni zinaongeza dagaa'. Hesabu imepata, tafsiri imekosa. Kwa nini?"

Tuzitazame tena data, ambazo ni za kufundishia tu. Tuseme ni siku tano za wachemsha dagaa wa Kigombe, Tanga: mizigo 2, 4, 5, 6, 8 na ndoo 12, 16, 22, 28, 32. Wastani ni 5 na 22. Zidisha mikengeuko ya x kwa ya y, jumlisha, unapata 72. Miraba ya mikengeuko ya x inajumlika 20. Gawa 72 kwa 20: mwinamo ni 3.6, na r, kipimo cha nguvu ya uhusiano, ni kama 0.98.

Sasa 3.6 ya nini? Ni ndoo kwa kila mzigo. Siku yenye mzigo mmoja zaidi hutarajiwa, kwa wastani, kuwa na ndoo 3.6 zaidi. Mstari unaishia hapo.

Aliyewahi kusimama pwani alfajiri anajua lililobaki. Boti za taa hutegemea usiku wa giza, maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki vizuri kwenye taa. Boti zikirudi zimejaa, mama mwenye masufuria anaagiza kuni za ziada. Zikirudi tupu, haagizi. Dagaa ndio wanaoita kuni! Na r haiwezi kukuonya, kwa sababu ukibadilisha nafasi za x na y inabaki 0.98 ileile.

Ukijitetea kwamba ulikuwa unaeleza mstari tu, nakubali utetezi huo una uzito. "x ikiongezeka kwa 1, y huongezeka kwa 3.6" ni maelezo halali ya mstari, na kumnyima mtu alama kwa neno "huongezeka" pekee ningeona ni ukali. Lakini "kuni zinaongeza dagaa" inataja msababishaji, na data hizi hazikuzipa kuni kazi hiyo.

Upande wa pili nao una makosa yake, na mimi unanisumbua zaidi: wanafunzi wanaokariri "uhusiano si usababishi" na kuibandika kila mahali. Chukua shamba la mkonge lililogawanywa vipande, kura ikapigwa kuamua kipande kipi kipate kilo ngapi za mbolea. Kura imevunja uhusiano kati ya mbolea na rutuba iliyokuwepo. Hapo mwinamo ukiwa imara, kusema mbolea imeongeza mavuno ni haki, ndani ya viwango vilivyojaribiwa. Kwa hiyo kabla ya kushika kikokotoo, soma sentensi inayoeleza data zilivyopatikana: ziliangaliwa tu, au mtu aligawa x kwa kura?

Kwa swali lako ningeandika: "Kati ya mizigo 2 na 8, kila mzigo wa ziada unaambatana na wastani wa ndoo 3.6 zaidi, lakini data hazionyeshi kwamba kununua kuni kunaleta dagaa, kwani wingi wa dagaa waliovuliwa huenda ndio unaoamua kuni zinunuliwe ngapi."