Tepu haikatiki pembeni

Jana usiku, Instagram, nimetelezesha posti ya slaidi kumi za taasisi moja ya fedha, siitaji, kuhusu kuweka akiba. Kumi! Kichwa cha habari kilikuwa juu kushoto, slaidi inayofuata kikashuka katikati, ya tatu kikahamia chini kama kuku anayefukuzwa. Rangi nne. Nembo kubwa kila slaidi, tusije tukasahau tuko kwa nani baada ya sekunde mbili. Ya kumi ikasema: "Tupigie." Bando langu nani atalirudisha?

Nafanya kazi ya kubuni posti za namna hii, kwa hiyo najua kilichotokea. Mtu alifungua templeti kumi nzuri, akajaza maneno. Templeti sina ugomvi nazo, mimi mwenyewe nilianzia Canva. Ila slaidi kumi nzuri zilizowekwa kwenye foleni bado ni posti kumi, kila moja imekwisha yenyewe, na kidole hakioni sababu ya kusogea.

Mwezi uliopita nilikuwa na kazi ya fundi cherehani wa Sinza. Shida yake: wateja wa mbali wanatuma vipimo vya kubahatisha, gauni likifika linabana kifuani, lawama zake. Tukakaa na karatasi kabla ya kugusa kompyuta. Nikachora visanduku saba, nikaanza na cha mwisho: mteja anatuma namba nne, kifua, kiuno, hipsi na urefu. Hapo ndipo nilipojua visanduku vya kati vinahitaji nini. Cha kwanza kikabaki na swali tu: "Kwa nini gauni linakubana kifuani?" Jibu liko cha pili, kwamba tepu ipite sehemu kifua kilipojaa zaidi, siyo juu zaidi, matiti yanapoanzia. Cha pili nilikihangaikia kuliko vyote, kwa sababu Instagram huweza kumrudishia mtu posti aliyoipita, safari hii ikimwonyesha slaidi ya pili. Kwa hiyo lazima ieleweke hata kwa aliyeruka ya kwanza.

Halafu tepu yenyewe. Badala ya mishale ya "telezesha," ambayo naichukia, tulichora tepu moja ya njano inayopita slaidi zote saba. Inatokea kwenye mkono wa fundi, inatoka ukingo wa kulia, inaingia slaidi inayofuata kwa kimo kile kile, inazunguka kifua, inatoka tena, mpaka ya saba inapoishia na kile kibati chake. Ukiona tepu imekatwa ukingoni, kidole kinaifuata chenyewe. Hatukumwambia mtu atelezeshe.

Kwa hilo huwezi kuchora slaidi mojamoja. Unafungua karatasi moja ndefu: slaidi ni upana wa pikseli 1080 na urefu wa 1350, mara saba unapata upana wa 7560, ndipo unakata kila 1080 kamili. Mstari wa kukatia ukiangukia nusu ya pikseli, unaachiwa uzi mweupe pembeni na udanganyifu wote umekwisha. Tepu ikatwe, kitambaa kikatwe, lakini uso wa mtu au herufi visikatwe kamwe. Maandishi yetu yote yalikaa pikseli 90 ndani ya ukingo, na kila kichwa kilianzia pale pale. Pia tangu Januari 2025 picha kwenye ukurasa wa wasifu huonyeshwa kwa uwiano wa 3:4, kwa hiyo slaidi ya kwanza ya namna hii hupoteza kama pikseli 34 kila upande. Anayebandika maneno ukingoni atajionea.

Kujua kama umefanikiwa, weka slaidi kwenye simu, zifungue kwenye galari, uzipitishe harakaharaka. Kichwa kikiruka, utakiona kinaruka.

Haya, nakubali, picha za harusi ya binamu hazihitaji karatasi wala rula. Zimwage tu. Na Instagram kuruhusu slaidi 20 tangu 2024 siyo amri ya kuzijaza, jamani.

Tulipoposti, namba zikaanza kuingia vizuri, nne nne, kwa mpangilio ule ule wa slaidi. Nikavimba kichwa. Siku ya tatu fundi akanipigia anacheka mpaka anakohoa: kuna dada kamwandikia kifua 96, kiuno 81. Kageuza tepu, kapima upande wa sentimita. Slaidi saba, tepu ndefu namna ile, na hakuna mahali nilipoandika neno "inchi."